Yai Bichi Hudumu Kuliko la Kuchemsha: Gute ya Mtoto Katika Joto la Lubumbashi

Je, wajua kwamba yai bichi laweza kukaa juu ya meza ya jikoni kwa juma zima na bado likapikika vizuri, lakini yai hilohilo ukilichemsha asubuhi na kulitia katika sakosi ya mtoto, saa nane mchana haliaminiki tena? Wengi wetu tunadhani kinyume. Tunaona la kuchemsha limeiva, lina ganda lake, nani ataingia humo ndani?

Wa kuingia wapo, na mlango tunawafungulia wenyewe. Ganda la yai lina matundu madogo kwa maelfu, yasiyoonekana kwa macho. Kuku anapotaga, yai hutoka likiwa limepakwa utando mwembamba unaoziba matundu hayo, na ndani, ute mweupe una kimeng'enya kinachopasua bakteria wanaojaribu kupenya. Maji ya moto huondoa ule utando na kukiharibu kile kimeng'enya. Kisha mama, ili yai limenyeke vizuri, hulitumbukiza katika ndoo ya maji baridi. Yai la moto likipoa ghafla, vilivyo ndani hunywea, na ganda huvuta maji ya ndoo kupitia matundu yaliyobaki wazi. Kama mkono uliotoka kukatakata nyama uliingia katika ndoo hiyo dakika tano kabla, sehemu ya maji hayo sasa imo ndani ya yai. Yai bichi nalo lina hatari zake, ndiyo maana tunalipika. Ila kwa kukaa nje ya friji, lililochemshwa ndilo dhaifu.

Nimeanza na yai kwa sababu ndilo gute ambayo mzazi wa Lubumbashi huitia sakosini bila wasiwasi wowote, na kwa sababu linaonyesha kwamba kuiva hakutoshi. Tunahitaji kujua chakula kipi huvumilia saa sita katika joto na kipi hakivumilii, na kwa nini.

Mji wetu una hila yake. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, usiku hupoa, na asubuhi ya saa kumi na mbili mtoto hutoka nyumbani akiwa na sweta. Chakula kilicholala mezani huonekana salama kwa kuwa jiko lilikuwa na ubaridi. Lakini masomo hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, wakati hasa joto linapoanza kupanda, na Oktoba, kabla mvua hazijakolea, mchana hupita nyuzi 32 kwa urahisi. Tena shule nyingi hupokea watoto kwa zamu mbili. Wa asubuhi hula gute yake kwenye rekre, karibu na saa nne, kabla jua halijakaza. Wa zamu ya mchana hutoka nyumbani jua likiwa utosini, hukaa chini ya mabati, na sakosi yake huwekwa sakafuni au, vibaya zaidi, dirishani. Hawa wawili hawafai kupewa gute moja, hata kama wanatoka nyumba moja.

Friji ya nyumbani haitatui jambo hili. SNEL ikikata umeme jioni, friji iliyofungwa bila kufunguliwa hutunza ubaridi wake kwa saa nne hivi. Baada ya hapo ni kabati tu. Na hata usiku ambao kuranti haikukatika, chakula kikishatoka humo na kuingia sakosini, saa huanza kuhesabiwa.

Wataalamu wa usalama wa chakula huhesabu hivi: kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria huzaliana. Chakula kinachoharibika upesi kisikae humo zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzi 32, kisizidi saa moja. Mtoto wa zamu ya mchana hawezi kutimiza sharti hilo la saa moja hata kidogo. Kwa hiyo dawa yake ni chakula ambacho sharti hilo halikihusu kabisa.

Vyakula hivyo vipo, na ufunguo wake ni maji. Bakteria hana mdomo. Hula kwa kunyonya vilivyoyeyuka ndani ya maji, na pasipo maji ya kutosha hulala tu. Lakini maji yanayohesabiwa ni yale yaliyo huru, si yote yaliyomo. Chumvi na sukari huyashika maji yasiweze kutumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa Australia aitwaye W. J. Scott alionyesha kwamba maji haya huru yanaweza kupimwa na kuandikwa kwa namba, kutoka 0 hadi 1, na kwamba kila kijidudu kina namba ambayo chini yake hakiwezi kukua. Bakteria wengi wanaoleta magonjwa ya chakula hukwama chini ya 0.91. Mmoja mkaidi, stafilokokasi, huendelea hadi karibu 0.85. Chini ya 0.60 hakikui chochote, hata kuvu.

Sasa twende sokoni na namba hizo. Karanga za kukaanga, zile zinazouzwa kwa kipimo cha glasi pale soko la Kenya, ziko mbali sana chini ya 0.60. Zikae sakosini juma zima, bakteria hawatazigusa. Bisi za mahindi na biskuti kavu ni hivyohivyo. Hatari ya karanga iko kwingine, na ilianza kabla hazijafika kwako: zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevunyevu huota kuvu, na kuvu huyo huacha sumukuvu. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Kwa hiyo kazi ni kuchambua kabla ya kukaanga. Toa zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, na mtoto akitema moja kwa uchungu, usimlazimishe. Na mtoto wa chekechea asipewe karanga nzima, maana zinaweza kumkaba. Mpe zilizosagwa.

Karanga za kusagwa ndizo, kwa maoni yangu, mfalme wa mkate wa shule. Mafuta mengi, maji kidogo mno, hazihitaji friji. Asali ya msituni ina maji huru karibu na 0.60 na jamu hucheza kwenye 0.80 au chini yake, hivyo zote mbili zinafaa. Hata blubandi, ambayo watu huiogopa kwa kuwa huyeyuka, si mahali pazuri pa bakteria, kwa sababu maji yake kidogo yametawanyika katika matone madogo mno ndani ya mafuta. Itayeyuka na kuchafua daftari, basi. Mkate wenyewe, ukiwa mkavu na mtupu, unangoja kuvu baada ya siku kadhaa, si bakteria baada ya saa kadhaa. Vitumbula visivyojazwa kitu ndani navyo vinavumilia siku moja, mradi vipoe kwanza kabla ya kufungiwa. Vikifungwa vya moto ndani ya sashe, mvuke hugeuka matone, na ukavu wa juu uliovilinda hupotea.

Mkate huohuo ukipakwa mayai yaliyopondwa na mayonezi, au kuku aliyechambuliwa jana, mambo yamegeuka. Wengi hulaumu mayonezi. Mayonezi ya kiwandani peke yake ni chachu na hujitunza, lakini ukiichanganya na yai au nyama, uchachu wake huzimuliwa na maji ya vile vingine huwa wazi kwa kila mgeni. Sardini nazo hukaa miaka ndani ya kopo lililofungwa. Kopo likifunguliwa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, limekuwa samaki aliyepikwa kama samaki mwingine yeyote.

Kapenta zinafuata kanuni hiyohiyo. Zilizokaushwa vizuri kisha zikakaangwa hadi kukatika kwa mkono, na chumvi, bila mchuzi, zinafaa kwa gute. Zilizoungwa kwa nyanya na kitunguu ni za mezani. Si kapenta zilizobadilika, ni yale maji ya nyanya tuliyozirudishia.

Kuna ulinzi wa pili, nao ni uchachu. Hupimwa kwa pH, na namba ikishuka chini ya 4.6, hata bakteria wa kutisha zaidi, yule wa botulizimu, hushindwa kukua. Munkoyo iliyochacha vizuri hushuka chini ya 4. Mizizi ya munkoyo, ikipondwa na kutiwa katika uji wa mahindi uliopoa, huugeuza wanga kuwa sukari, kisha bakteria wa uchachu huigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Lakini kazi hiyo huchukua siku moja au zaidi. Munkoyo ya asubuhi, ile tamu ambayo haijauma ulimi, bado ni uji wa vuguvugu wenye sukari, na siipendekezi kwa sakosi. Na iliyokwisha chacha sana huwa na kileo kidogo na hufura ndani ya chupa, kwa hiyo nayo haimfai mtoto. Maji yaliyochemshwa ndiyo kinywaji cha shule.

Kwa matunda, jibu ni fupi: zima. Ndizi, chungwa, pera na embe lisilomenywa vina ganda ambalo halijaharibiwa na moto, na ndani ya ganda hilo hakuna bakteria wa kutosha kuleta tabu. Kisu ndicho hubeba uchafu kutoka ganda hadi nyama ya tunda. Chungwa lililokatwa hujitetea kwa uchachu wake, lakini papai, tikiti na avoka hazina uchachu wa kutosha, na vipande vyake ni chakula laini chenye maji tele. Osha tunda likiwa zima, kwa maji safi, kisha mwache mtoto alimenye mwenyewe kwenye rekre.

Kinachonipa taabu ni chikanda. Nakipenda, na kila mtoto wa mji huu anakipenda. Viazi vidogo vya okidi za porini hukaushwa, hupondwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, chumvi na pilipili, kisha hupikwa juu ya mbabula pamoja na magadi au soda hadi mchanganyiko ushikane. Ukipoa, unakatwa vipande vinavyoshikika mkononi. Kinaonekana kigumu, kwa hiyo watu hukiweka kundi moja na mkate. Lakini ugumu si ukavu. Ukikibonyeza kati ya vidole utaona unyevu, na soda iliyokishikanisha ndiyo hiyohiyo inayofuta uchachu. Kina maji huru, hakina asidi, na kimejaa lishe ya karanga. Zaidi ya hayo, kinashikwa sana baada ya kuiva: hugeuzwa, hukatwa, huhesabiwa kwa mkono, hufungwa.

Na mkononi ndiko anakoishi stafilokokasi, yule mkaidi niliyemtaja. Yumo puani mwa watu wengi wenye afya, na kwenye vidonda na majipu. Mwaka 1914 mtafiti M. A. Barber aliandika kwamba, akiwa Ufilipino, alikuwa akiugua tumbo kila alipotembelea shamba fulani. Alikuja kugundua kwamba maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye stafilokokasi kiweleni, yakinywewa mara tu baada ya kukamuliwa, hayakumdhuru, lakini malai yake yaliyokaa nje katika joto kwa saa kadhaa yalimtapisha. Bakteria peke yao hawakumuumiza. Kilichomuumiza ni sumu waliyoitengeneza wakati wakizaliana. Na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa: ukikipasha moto chakula, unaua waliotengeneza sumu na kuiacha sumu yenyewe.

Tuihesabu kwa chikanda kilichokatwa saa moja asubuhi. Tuseme kila gramu imepata bakteria 100 kutoka mkononi, na katika joto wanaongezeka mara mbili kila dakika 30. Saa mbili ni 400. Saa nne, wakati wa rekre, ni 6,400. Saa sita ni 102,400. Sumu huanza kufikia kiasi cha kutapisha pale bakteria wanapopita 100,000 hivi kwa gramu. Hesabu halisi hutegemea ubaridi wa asubuhi na usafi wa mkono, na mara nyingi bakteria huchelewa kidogo kuanza, lakini umbo lake ni hilo: kati ya rekre na adhuhuri ndipo kipande kilekile huhama upande. Kwa hiyo, ingawa ni kupita kidogo zile saa mbili za wataalamu, mtoto wa asubuhi anaweza kubeba chikanda kilichopikwa alfajiri ile, akile saa nne, na kilichobaki kitupwe. Wa mchana asikibebe. Ukikinunua, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: "Mama, hiki umekipika leo ao jana?" Muuzaji mzuri hatakasirika.

Wali una adui mwingine, basilasi. Huyu hakutoka mkononi. Amekuja na mchele wenyewe kutoka shambani, akiwa mbegu ngumu inayovumilia kuchemka. Wali ukiiva, mbegu zinabaki hai, na nyungu ikiachwa juu ya meza usiku kucha, zinaamka na kuanza kutoa sumu iitwayo sereulidi, ambayo hustahimili hata nyuzi 121. Makaroni ni hivyohivyo. Ubelgiji, mwaka 2003, saladi ya makaroni ilitengenezwa siku ya Ijumaa, ikapelekwa Jumamosi kwenye matembezi, na iliyobaki ikatiwa ndani ya friji ambayo baadaye ilipimwa na kukutwa na nyuzi 14. Jumatatu jioni watoto watano wa familia moja waliila. Saa chache baadaye walianza kutapika, na binti wa miaka 7 alifariki kwa kushindwa kwa ini. Visa vikali namna hiyo ni adimu sana. Lakini tazama njia ambayo chakula kile kilipitia: kilipikwa, kikabebwa, kikakaa katika joto, kikarudishwa penye ubaridi wa uongo. Ndiyo njia ya wali wetu wa jana unaopashwa moto alfajiri na kufungiwa sakosini.

Bukari na sombe, maharage, samaki wa mchuzi, vyote viko kundi hilo la wali. Kama mtoto lazima abebe chakula cha nyungu, njia ni termosi ya mdomo mpana, na itumiwe sawasawa. Ijaze maji yanayochemka, funga, ngoja dakika 10, mwaga. Chakula kilichopikwa asubuhi hiyo kiingie kikiwa bado kinatokota, na kijae hadi juu, kwa sababu nafasi tupu hula joto. Ijaribu kwanza siku ya mapumziko: funga saa kumi na mbili asubuhi, fungua saa sita. Chakula kikiwa bado kinatoa moshi na hakiliki bila kupulizwa, termosi inafaa. Kikilika papo hapo, kimeshuka chini ya nyuzi 60, na chombo hicho ni cha rekre ya saa nne tu. Siku umeme ulipokuwapo usiku, chupa ndogo ya maji iliyoganda, ikifungwa pamoja na kibakuli, husaidia pia, mradi wakati wa kula bado kuna barafu ndani yake.

Usitegemee pua. Bakteria wanaofanya chakula kinuke na kuteleza si hawa wanaotapisha. Wali wenye sereulidi na chikanda chenye sumu ya stafilokokasi vinaweza kuwa na harufu na ladha ya kawaida kabisa. Dalili utaiona kwa mtoto: kutapika kwa ghafla ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula, mara nyingi bila homa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya kuokoa maisha, kidogokidogo. Akishindwa kuyashika, akilegea, akisinzia isivyo kawaida, macho yakawa manjano au choo kikawa na damu, mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi, na waambie alikula nini na saa ngapi.

Kwa hiyo, mama au baba mwenye mtoto wa zamu ya mchana, Oktoba hii mpe mkate wenye karanga za kusagwa, ndizi mbili zenye ganda lake na chupa ya maji yaliyochemshwa. Yai mpe ale nyumbani kabla hajatoka.